Kuchapa kwa sauti ukichanganya Kiswahili na Kiingereza: tatizo liko katikati ya neno

Kama ndo unaanza kuhangaika na hii kitu, usipoteze muda na maiki ya bei. Mi nilianza huko, nikabadilisha maiki mara mbili na makosa yakabaki yaleyale. Kilichokua kinaharibu ni kitenzi, yani pale unapochukua mzizi wa Kiingereza ukauvisha viambishi vya Kiswahili. Neno la Kiingereza likisimama peke yake mara nyingi linapita salama, ila likishaanza na "nita" au "ukishani" mashine inakua imeshaamua iko kwenye Kiswahili, inatafuta kitenzi inachokijua kinachofanana na ulichosema.

Angalia hii sentensi yangu, juu nilichosema, chini kilichotokea nikiwa nimechagua Kiswahili:

```
nita-forward hiyo email kesho asubuhi ukishani-confirm
nitafuata hiyo email kesho asubuhi ukishani confirm
```

Ukihesabu asilimia ya makosa kwa kanuni ya kawaida, yani maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, jumlisha halafu gawanya kwa idadi ya maneno uliyosema, hapo umesema maneno 6 na kuna makosa 3. La kwanza ni "nitafuata". Mengine mawili yametokana na ile nafasi tu, neno moja limehesabika limebadilika na lingine limeongezwa. Jumla asilimia 50! Ukiiona hiyo namba bila kusoma maandishi unaweza ukaifuta programu nzima. Lakini msomaji wa kawaida akiona "ukishani confirm" anaelewa, wakati "nitafuata" imegeuza kabisa maana. Kwahiyo kabla ya kuhesabu toa vistari vyote, unganisha kiambishi kilichobaki peke yake na mzizi wake, weka herufi zote ndogo, tena fanya hivyo pande zote mbili. Hapo linabaki kosa 1 kati ya 6, kama asilimia 17, na ndo lenyewe la kushughulikia.

Sasa kwanini "confirm" ilipona na "forward" ikaliwa? Kwasababu Kiswahili hakina kitenzi cha karibu na "confirm", ila "fuata" iko pale pale inasubiri. Nilijaribu kuongeza "i" niseme "nitai-forward", ikaniandikia "nitaifuata", nikacheka mwenyewe. Somo nililopata ni kwamba mizizi hatari ni ile inayofanana na vitenzi vyetu, na hiyo unaijua kwa kurekodi sentensi zako mwenyewe kama 20 hivi, za kazini kabisa, usomaji wa kawaida bila kujikaza. Usitulie kati ya kiambishi na mzizi ukidhani unaisaidia, mi nilipofanya hivyo ndo ikakata neno vibaya zaidi.

Kuhusu kuchagua lugha, fuata lugha inayobeba vitenzi. Kama sarufi ni ya Kiswahili chagua Kiswahili hata kama nusu ya majina ni ya Kiingereza. Kwa wanaotumia Whisper ya kwenye kompyuta, ile programu ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi, hili ni muhimu zaidi, maana ukiiacha itambue yenyewe inaamua kwa sekunde 30 za mwanzo, na kama ulianza na salamu za Kiingereza inaenda nazo hivyo hadi mwisho. Ukiilazimisha Kiingereza mara nyingi inakutafsiria badala ya kuandika, unakuta Kiingereza kizuri kabisa ambacho hukukisema, usije ukadhani imekuelewa.

Uzuri wa Whisper ni kwamba unaweza kuipa mfano wa uandishi unaoutaka kabla haijaanza:

```
whisper sauti.m4a --model large-v3 --language sw --initial_prompt "Ame-forward ile list. Uki-confirm nita-update kila kitu."
```

Sio maelekezo hayo, usiiandikie "tafadhali andika vizuri", haisikii, inaiga tu mtindo wa maandishi iliyopewa. Ndomana nimeweka sentensi zenye mzizi ulioniliza ila kwenye kiambishi kingine. Mwisho wake ni tokeni 224, yani vile vipande vya maneno inavyosoma mashine, ukizidisha inashika za mwishoni tu za mwanzo zinapotea, kwahiyo weka ile mizizi hatari tu. Mi baada ya hapo "nita-forward" ilikubali.

Ila ina ubaya wake. Sehemu zenye ukimya au kelele inaweza kuchomeka maneno ya kwenye mfano ambayo hakuna mtu kayasema. Faili lilelile lipitishe mara ya pili bila `--initial_prompt` ulinganishe, "forward" ikitokea upande mmoja tu rudi usikilize hiyo sehemu kwa masikio yako. Na zile sentensi 20 za kupimia usizitie kwenye mfano hata moja, maana nilifanya hivyo wiki ya kwanza nikapata namba nzuri ajabu, nikaja kurekodi sentensi mpya "nitafuata" ikarudi.