Mkataba wa vyumba vya wajumbe: kabla hujasaini, uliza asilimia 80 ya nini

"Wakuu, nimepewa jukumu la malazi ya wajumbe wanaotoka nje ya mji. Hoteli imeleta mkataba: watatutengea vyumba kwa bei ya kundi, ukomo wa kubuku ni siku 30 kabla ya mkutano, na tusipofikisha asilimia 80 tunalipia pengo. Nisaini tu, au kuna pa kubishania?"

Usisaini bado, mkuu. Asilimia 80 yenyewe ni ya kawaida, usipoteze nguvu hapo. Waulize kwanza: asilimia 80 ya kila usiku, au ya jumla ya siku zote? Mimi sikuuliza, na nililipa.

Tulitengewa vyumba 20 Jumatano, 60 Alhamisi, 60 Ijumaa na 20 Jumamosi. Kila chumba kwa kila usiku kinahesabiwa kimoja, kwa hiyo jumla ni 160, na asilimia 80 yake ni 128. Waliolala kweli walijaza 20, 58, 45 na 6, yaani 129. Nikajua tumevuka salama, hata nikamwandikia mweka hazina kwamba hatudaiwi kitu. Wiki iliyofuata ikaja ankara ya vyumba 13. Mkataba ulisema "kila usiku". Ijumaa tulitakiwa tufikishe 48, tukapungukiwa 3. Jumamosi tulitakiwa 16, tukapungukiwa 10. Ile ziada ya Alhamisi haikutusaidia chochote.

Wajumbe ndivyo walivyo: kikao cha mwisho kikiisha tu, mtu anakimbilia kwake. Usiku wa mwisho ndio unaoumiza. Kwa hiyo sisitiza kiandikwe "jumla ya siku zote", na usiku wa mwisho omba vyumba vichache kuliko unavyodhani unahitaji. Kuongeza baadaye ni rahisi hoteli ikiwa na nafasi. Kupunguza ndiko kunakokuwa na bei.

Nilichokifanya baada ya ile ankara, ambacho nakushauri ukiweke kwenye mkataba mapema, ni kuomba tulinganishe orodha yetu ya waliojisajili na orodha ya wageni wa hoteli. Tulikuta wajumbe 4 walikuwa wamelala hotelini humo humo Ijumaa na Jumamosi, ila walibuku kupitia mtandao kwa sababu waliona bei ya chini. Hoteli haikuwahesabu kama wetu. Baada ya kubishana sana wakakubali: Ijumaa ikatimia, Jumamosi pengo likashuka hadi 6. Hizo 6 tulizilipa, na kwa bei kamili, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Chumba kisicholaliwa hakifuliwi shuka wala hakimgharimu mtu wa usafi, kwa hiyo dai ulipie sehemu tu ya bei, ile faida waliyoikosa. Na iandikwe kwamba chumba walichomuuzia mgeni mwingine usiku huo hakiingii kwenye deni lako. Wasipokubali hili la pili, jiulize kwa nini wanataka kulipwa mara mbili kwa kitanda kimoja.

Sasa ukomo. Siku 30 ni nyingi iwapo usajili wenu unafungwa wiki mbili kabla ya mkutano, maana kundi kubwa la wajumbe watapata kibali cha kusafiri baada ya ukomo kupita. Siku hiyo hoteli inachukua vyumba ambavyo havijabukiwa na kuviuza kwa yeyote, kwa bei yake. Mjumbe wako akipiga simu anaambiwa bei mpya, anaenda kulala kwingine, halafu wewe unadaiwa kwa kuwa hakulala pale! Omba siku 21, au hata 14. Wakikataa, basi waandike mambo mawili: baada ya ukomo bei ya kundi iendelee maadamu vyumba vipo, na kila atakayebuku baada ya hapo ahesabiwe kwenye idadi yenu.

Omba pia tarehe moja ya kupunguza vyumba bila faini, tuseme siku 60 kabla, angalau asilimia 10 ya vyumba vyote. Halafu wakutumie ripoti ya waliobuku kila wiki kuanzia hapo. Ripoti ikikaa palepale wiki mbili mfululizo, wapigie wajumbe mmoja mmoja wala usingoje; wengi wanadhani kujisajili mkutanoni ndiko kubuku chumba.

Kama kundi lenu ni dogo, vyumba kama 10 hivi, waulize kama wanaweza kuwashikia vyumba hadi ukomo bila dhamana yoyote. Hoteli nyingi hukubali, ila bei huwa haipungui sana.

Mkuu, bandika hapa hicho kifungu cha pengo neno kwa neno, ukifuta jina la hoteli, tukisome pamoja.