Mapigo ya moyo kwenye mwinuko na mteremko: jibu kwa anayechoka saa za mwisho

*«Ndugu zangu, nina umri wa miaka 46 na mapigo yangu nikiwa nimepumzika ni 62. Ninapopanda mlima, saa ya mkononi hunionyesha mapigo 158 hivi, na nikishuka hurudi 105, kwa hiyo wastani wa siku nzima huonekana mzuri. Mbona basi kwenye njia yenye mpando wa jumla wa mita 1,100 miguu huisha nguvu kabisa wakati wa kushuka, ingawa moyo umetulia? Nifuate namba ipi?»*

Ndugu yangu, namba ya kuacha kuitazama ni huo wastani. Unachanganya kazi mbili ambazo mwili huzifanya kwa namna tofauti, na dakika nyingi za mapigo ya chini wakati wa kushuka huficha gharama uliyoingia wakati wa kupanda. Mimi huongozwa na mapigo nikipanda tu. Nikishuka huyaacha na kuitazama miguu.

Tuanze na kupanda, kwa namba zako mwenyewe. Kikomo cha juu cha mapigo hukadiriwa kwa kuzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu kutoka 208. Kwa miaka 46 tunapata takriban 176. Hilo ni kadirio tu, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo kumi au zaidi, kwa hiyo ukiwahi kujiona ukifika juu zaidi kwa kipimo cha kuaminika, tumia namba hiyo. Ondoa 62 ya mapumziko, na unabaki na nafasi ya mapigo 114 ambayo moyo wako unaweza kuitumia. Asilimia 60 ya nafasi hiyo, ukiijumlisha na 62, inakupa 130, na asilimia 70 inakupa 142. Mapigo 158 yako kwenye asilimia 84, kiwango ambacho watu wengi hawawezi kukidumisha hata saa mbili, seuze siku nzima.

Katika kiwango hicho misuli huchoma kwa kasi akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake, na akiba hiyo ni ndogo. Ukipanda polepole zaidi, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo hayaishi kwa siku moja. Naamini hapo ndipo miguu yako inapopotelea: inafika kileleni ikiwa imekwisha kutumika, kisha inatakiwa kufanya kazi ya breki.

Kwa matembezi ya siku nzima ningekushauri ukae karibu na 130 katika saa ya kwanza, na usivuke 142 hata pale njia inaposimama wima. Mwanzoni utaona unatembea polepole mno, na wenzako watakuacha. Ukiweza kupanda mita 400 kwa saa katika kiwango hicho, mita zako 1,100 zitachukua saa mbili na dakika 45 za mwendo. Ukipanda mita 550 kwa saa utatumia saa mbili kamili kwenye karatasi, lakini anayepanda kwa mapigo 158 husimama mara kwa mara kuhema, na sehemu kubwa ya dakika 45 alizookoa hupotelea kwenye vituo hivyo.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi: mapigo huchelewa. Mwinuko unapoanza, misuli huhitaji oksijeni zaidi papo hapo, lakini moyo huchukua dakika moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kufikia kiwango kinacholingana na kazi hiyo. Ukisubiri saa ikuonyeshe 142 ndipo upunguze mwendo, utakuwa umekwisha kuzidisha, na mapigo yataendelea kupanda kwa muda. Kwa sababu hiyo mimi hufupisha hatua kabla mwinuko mkali haujaanza, nahakikisha ninaweza kusema sentensi nzima bila kukatisha pumzi, kisha baada ya dakika tatu ndipo naitazama saa. Namba ya dakika ya tatu ndiyo inayosema kweli.

Baada ya saa kadhaa utaona pia kwamba mwendo uleule unaleta mapigo ya juu zaidi kuliko asubuhi, hasa kwenye joto. Mwili umepoteza maji kwa jasho, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili kuupoza, na kila pigo linasukuma damu pungufu kuliko mwanzo, hivyo moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi. Kupanda kwa mapigo machache huku pumzi ikiwa ileile si jambo la kutisha. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kituo cha mapumziko: kaa dakika tano na uone yanashuka hadi wapi. Ikiwa asubuhi yalishuka hadi 95 na alasiri yanagoma kwenye 115, kunywa, kula, tafuta kivuli, na upunguze mwendo kwa sehemu iliyobaki. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yasiyo na mpangilio ni jambo jingine kabisa. Hapo matembezi yamekwisha na daktari ndiye anayefuata.

Sasa mteremko. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hurefuka huku ikiwa imekaza, kwa sababu inauzuia mwili usianguke mbele. Msuli unaofanya kazi kwa namna hiyo hutumia oksijeni kidogo sana ukilinganisha na nguvu unayoibeba, na ndiyo maana moyo wako unatulia kwenye 105. Lakini ni kazi hiyohiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli, na maumivu yake hufika kilele siku moja hadi tatu baadaye. Moyo hauna namna ya kukuarifu juu ya hilo. Anayeona mapigo yako chini na kuamua kuongeza kasi, ili «kufidia» muda, anaongeza mzigo mahali ambapo saa haioni.

Kwa hiyo shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na upumzike kwa muda uliopanga, tuseme dakika tano kila baada ya dakika 40, hata kama huhemi. Dalili za kuangalia ni mapaja kutetemeka unaposimama, nyayo kuanza kutua kwa kishindo, na kujikwaa mahali pasipo na kikwazo. Fimbo mbili za kutembelea huchukua sehemu ya mzigo, nami sishuki mteremko mrefu bila hizo.

Hiyo 105 yenyewe ihakiki kwanza. Kipimo cha mwanga kwenye kifundo cha mkono huweza kuhesabu mtikisiko wa hatua badala ya mapigo, na hatua za kushuka mara nyingi huangukia karibu na 100 au 110 kwa dakika. Simama, weka vidole viwili kwenye mshipa, hesabu kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Namba ya kweli hushuka taratibu ukisimama, ilhali ya hatua huruka ghafla. Mkanda wa kifuani hauna kasoro hiyo, na wakati wa kupanda kwa fimbo ndio ningeutegemea.

Ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu zinazopunguza kasi ya moyo, hesabu zote za hapo juu hazikuhusu, kwa kuwa kikomo chako kimeshushwa na dawa. Panda kwa kipimo cha sentensi nzima peke yake. Na ukienda juu ya mita 2,500, tarajia mapigo makubwa zaidi kwa mwendo uleule: usiisogeze 142 juu, punguza mwendo.