Namba 4 kwenye katoni ya vyombo, na cha kumwambia anayekupakilia

"Wakuu, nimefungua kibanda cha vyombo hapa Mbuyuni, Moshi. Kesho natumiwa katoni 24 za mabakuli ya kauri kutoka Kariakoo, jamaa kanitumia picha ya katoni moja. Naona glasi, halafu glasi nyingine yenye uma pembeni, mishale miwili, mwavuli, ndoano iliyokatwa, na viboksi vimepandana na namba 4 katikati. Vina maana gani, na mimi nifanye nini?"

Mkuu, nimeikuza picha yako. Mpigie huyo jamaa sasa hivi, maana mishale inaelekea ukutani. Ile mishale miwili juu ya mstari huonyesha upande wa juu ni upi, kwa hiyo ikilala na katoni imelazwa ubavu. Watu wanadhani ni suala la mabakuli tu, yaani yasipinduke. Chana kipande cha katoni uone: katikati kuna karatasi iliyokunjwakunjwa inayofanya vijia vyembamba. Katoni ikisimama, vijia vya kuta zake vinasimama pia, na hivyo ndivyo vinavyobeba uzito. Ukiilaza, vijia vya kuta hizo vinalala, ukuta unakuwa laini. Juu yake wanapandisha mzigo kama kawaida.

Glasi peke yake ni mali ya kuvunjika. Hiyo yenye uma haihusu ubebaji kabisa, inasema chombo kinafaa kuwekewa chakula. Usiisumbukie, ila wateja wako wakiuliza unayo ya kuwajibu. Ndoano iliyokatwa inawahusu makuli waliozoea kuvuta magunia kwa ndoano: katoni hii ibebwe kwa mikono miwili chini, siyo kwa ndoano wala kwa kamba iliyofungia.

Sasa hiyo 4, ambayo ndiyo inayoharibu mali nyingi. Nimefanya kazi ya kupokea mizigo ghalani kwa muuza vyombo Arusha kwa muda mrefu, na hii alama ndiyo tuliyobishana nayo zaidi na madereva. Inaweka kikomo cha kupanga katoni zinazofanana. Tatizo ni kwamba inasomwa kwa namna mbili. Kwa kanuni ya kimataifa ya alama hizi, 4 ni idadi ya katoni zinazoweza kukaa juu ya ile ya chini, jumla 5. Lakini vipo viwanda vinavyohesabu hata ile ya chini, jumla 4. Wewe kwenye picha huwezi kujua kiwanda chako kilihesabu vipi, kwa hiyo hesabu 4 kwa jumla, chini mpaka juu. Kwenye gari mimi napenda 3. Kutoka Dar mpaka Moshi matuta ni mengi, na kila gari linaporuka, katoni ya chini inabeba zaidi ya uzito ule iliobeba gari likiwa limesimama.

Tufanye hesabu kwa mzigo wako. Picha inaonyesha G.W. 18 KG, huo ni uzito wa mali pamoja na katoni yenyewe. Zikipangwa 4, ya chini imebeba 3, yaani kilo 54. Katoni 24 zinakuwa safu 6. Zikipangwa 3, ya chini inabeba kilo 36 na safu zinakuwa 8. Mwambie mpakizi hivyo hivyo: "Nitengee nafasi ya safu nane sakafuni, tatu tatu." Ukimwambia "panga vizuri" atakuitikia tu.

Hapo sasa sikiliza vizuri. Mpakizi atakuambia: "Mama, kilo 54 zinabebeka, basi naweka gunia moja la mchele la kilo 50 juu, bado tuko ndani." Hapana. Ile namba ni ya katoni zinazofanana. Nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake nne, na katoni nyenzake ikikaa sawasawa juu yake, uzito unashuka pembe kwa pembe kama nguzo za nyumba. Gunia linalegea na kukaa katikati ya mfuniko, mahali ambapo hakuna kinachobeba isipokuwa mabakuli yenyewe. Niliwahi kupokea mzigo ambao katoni zake zote za chini kwa nje zilionekana nzima, pembe zote safi, ila mifuniko imezama katikati. Ndani, bakuli la juu katika kila rundo lilikuwa limepasuka. Hakuna aliyezitupa. Zilikaliwa na magunia tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali zipangwe kwa kupishana kama matofali. Inaonekana imara, na kweli haianguki haraka, ila pembe ya katoni ya juu inakanyaga katikati ya ukuta wa ile ya chini. Pembe juu ya pembe, halafu zibanwe pembeni zisitembee.

Mwavuli unasema katoni isinyeshewe. Kauri haiogopi maji, ndiyo maana wengi wanaipuuza, lakini karatasi ikinyonya unyevu inalegea, na ile 4 haipo tena. Katoni iliyolowa chini hata ikikauka juu juu usiirudishie mzigo. Utaijua kwa rangi iliyokoza na ukingo wenye mawimbi. Ukiubonyeza kwa dole gumba unaingia. Turubai lisiishie juu tu, lishuke mpaka ubavuni, na dukani kwako weka mbao chini, usiziweke juu ya saruji tupu.

Kesho kabla hazijapanda, omba picha nyingine mbili: moja ya katoni zikiwa zimesimama na mishale juu, moja ya ndani ya gari zikishapangwa. Hizo ndizo zitakazokusaidia ukidai.

Zikifika usisaini kwanza, hata kondakta akikuambia gari linaondoka kwenda Arusha. Zitazame zikiwa bado zimepangwa kama zilivyosafiri, kwa sababu zikishatandazwa chini huwezi kujua ipi ilikuwa chini. Mfuniko uliozama katikati ni kitu kizito kilichowekwa juu. Kuta zilizotuna karibu na chini ni safu iliyozidi. Pembe moja iliyobonyea na nyingine tatu safi ni katoni iliyodondoshwa. Usiitikise kwa nguvu. Iinamishe polepole huku umesogeza sikio, ukisikia vigae vinatiririka ujue.

Yenye alama hizo ifungue palepale, dereva akiona. Kisha kwenye karatasi ya mzigo, ile yake na ile yako, andika kwa kalamu: "Nimepokea katoni 24, 2 mfuniko umezama, zimefunguliwa mbele ya dereva, mabakuli 5 yamepasuka," na yeye asaini chini ya maneno hayo. Asipokubali kusaini, piga picha ya katoni ikiwa bado ndani ya gari, namba ya gari ionekane, umtumie muuzaji muda huo huo. Usiandike "mzigo umefika salama" kwa kumwonea haya. Ukishaandika hivyo, muuzaji atakuambia vimevunjikia kwako.