Kila Kundi na Mteremko Wake: Soma Vizuri Namba ya Kundi

Ukianza kazi ya uchambuzi, mapema tu utakutana na swali hili: je, uhusiano wa kitu kinachopimwa kwa namba na matokeo unafanana katika kila kundi? Modeli ya regresheni ya kawaida haiulizi swali hilo. Inachukulia kwamba mistari ya makundi inakwenda sambamba, na kinachotofautiana ni kimo tu. Ili kila kundi lipate mteremko wake unaweka mwingiliano, na hapo ndipo wageni wengi husoma jedwali vibaya.

Chukua data ya `mtcars` iliyomo ndani ya R. Ni magari 32 yaliyotoka katika jarida la Motor Trend la Marekani la mwaka 1974. `mpg` ni maili kwa galoni moja, `wt` ni uzito kwa maelfu ya ratili, na `am` ni aina ya gia: 0 ni otomatiki, 1 ni ya mkono.

```r
mtcars$gia <- factor(mtcars$am, labels = c("oto", "mkono"))
m1 <- lm(mpg ~ wt + gia, data = mtcars)
m2 <- lm(mpg ~ wt * gia, data = mtcars)
```

Katika `m1`, koefisienti ya gia ya mkono ni -0.02. Ungesema basi, gia haina neno, uzito ndio unaokula mafuta. Sasa fungua `m2`, ambamo alama ya `*` ndiyo inayoweka mwingiliano: mwanzo wa mstari ni 31.42, `wt` ni -3.79, `giamkono` ni 14.88, na `wt:giamkono` ni -5.30, yenye thamani ya p ya takriban 0.001.

Tuanze na zile za mteremko. Kwa kuwa otomatiki ndiyo kundi la msingi, -3.79 ni mteremko wake peke yake, si wa magari yote. Mteremko wa gia ya mkono hauandikwi popote kwenye jedwali. Unaupata kwa kujumlisha: -3.79 na -5.30 ni -9.08 (desimali zilizokatwa ndizo zinazoleta tofauti ya 0.01). Namba ya mwingiliano ni tofauti ya miteremko miwili, na thamani yake ya p inapima tofauti hiyo. Usigawe data vipande viwili, ukakuta mteremko wa kundi moja una p ndogo na wa jingine hauna, kisha ukatangaza kuwa vinatofautiana. Hapo tofauti yenyewe hujaipima.

Halafu ile 14.88. Nimewahi kuona ripoti ikisema gia ya mkono inaongeza maili 15 kwa galoni. La hasha. Hiyo ni tofauti ya makundi pale `wt` ikiwa sifuri, yaani kwa gari lisilo na uzito! Mistari ikishaacha kuwa sambamba, hakuna tena tofauti moja ya makundi. Kila uzito una yake. Inakuwa 14.88 kutoa 5.30 mara uzito, kwa hiyo inafika sifuri kwenye 2.81, karibu kilo 1,270. Chini ya hapo gia ya mkono iko juu, zaidi ya hapo iko chini. Ndiyo maana `m1` ilitoa karibu sifuri.

Dawa ni kutoa kwanza wastani wa uzito katika uzito wa kila gari:

```r
mtcars$wt_k <- mtcars$wt - mean(mtcars$wt)
m3 <- lm(mpg ~ wt_k * gia, data = mtcars)
```

Sasa `giamkono` ni -2.17, yaani tofauti kwa gari lenye uzito wa wastani, ratili 3,217. Mwingiliano unabaki -5.30 na p yake haitikisiki. Modeli ni ileile. Umehamisha tu mahali pa kusomea. Anayekushauri uondoe `gia` kwa sababu p yake sasa ni kubwa, usimsikilize maadamu mwingiliano bado umo.

Kabla hujaandika ripoti, chora nukta pamoja na mistari, na kila mstari uishie pale nukta za kundi lake zinapoishia. Hapa magari ya gia ya mkono yana uzito wa 1.51 hadi 3.57, otomatiki 2.47 hadi 5.42. Yanakutana katika kipande cha kati tu. Hilo linazua shaka nzito kuliko zote: huenda uhusiano wa uzito na maili ni mstari uliopinda, mkali kwa magari mepesi na mpole kwa mazito. Kundi jepesi likiwa ndilo la gia ya mkono, mpindo huo utajitokeza kama miteremko miwili hata kama gia haihusiki. Ongeza `I(wt^2)` kwenye modeli, au geuza matokeo yawe galoni kwa maili, uone mwingiliano unapungua kiasi gani. Ukinyauka, ulichokuwa umekipata ni umbo la mstari, si tabia ya gia.