Nimeanza kazi tarehe 17: mshahara wangu unagawanywa kwa ngapi?

Swali: Habari za kazi kaka. Niliajiriwa kampuni moja hapa Mwanza, mkataba ulianza Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, Jumatatu hadi Ijumaa, mshahara wa msingi 1,300,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi slipu imeonyesha 433,333 kabla ya makato. Mhasibu anasema amegawa kwa 30 akazidisha kwa siku 10 nilizofanya kazi. Mwenzangu anasema kigawanyo ni 26, ningepata 500,000. Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada, wote wawili wamekupunja, ila kila mmoja kwa njia yake.

Tuanze na mhasibu. Zile 30 ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Zile 10 ni siku za kazi tu. Amechukua mshahara akautandaza juu ya siku zote, za kazi na za mapumziko, halafu akakulipa za kazi peke yake. Unaweza kumshika kosa bila hata kufungua sheria: mwambie atumie hesabu hiyohiyo kwa mfanyakazi aliyekuwepo Februari nzima. Februari 2025 ilikuwa na siku 20 za kazi. 1,300,000 gawa kwa 30, zidisha kwa 20, unapata 866,667. Mtu hajakosa hata siku moja na tayari amepoteza zaidi ya laki nne! Hesabu ikikupa jibu la namna hiyo, juu ya mstari na chini ya mstari kuna siku za aina mbili tofauti.

Mwenzako naye hakuitoa 26 hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ina Jedwali la Kwanza linaloeleza namna ya kupata mshahara wa siku kutoka mshahara wa mwezi: unagawa mshahara wa msingi kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Hiyo 4.333 ni wastani wa wiki katika mwezi, yaani wiki 52 kwa miezi 12. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, 4.333 mara 6 inampa 25.998, na hapo ndipo 26 ya mitaani ilipotoka. Ni sahihi kwa mtu wa siku sita. Wewe ni wa siku tano, kwa hiyo kigawanyo chako ni 21.665.

Mshahara wako wa siku, basi, ni 1,300,000 gawa kwa 21.665, sawa na 60,004.62 hivi. Kuanzia tarehe 17 hadi 28 kuna siku 10 za kazi. Jumla ni 600,046. Ukilinganisha na slipu, unadai 166,713 kabla ya makato.

Kama mhasibu anatumia Excel, mpe fomula hii aibandike:

```
=ROUND(1300000/(4.333*5)*NETWORKDAYS(DATE(2025,2,17),DATE(2025,2,28)),0)
```

NETWORKDAYS inahesabu siku ya kwanza na ya mwisho zote mbili, na inaruka Jumamosi na Jumapili. Ina nafasi ya tatu ya kuweka orodha ya sikukuu, na hapo watu wengi huteleza: ukiijaza, sikukuu zinaondolewa kwenye siku za kulipwa. Mfanyakazi wa mwezi hakatwi kwa sababu ya sikukuu iliyoangukia ndani ya mkataba wake. Iache wazi. Vivyo hivyo kwa aliyeandikiwa mkataba wa kuanzia tarehe 1 Januari akaripoti tarehe 2 ofisi ilipofunguliwa: huyo analipwa mwezi mzima. Kinachohesabiwa ni tarehe ya mkataba, wala si siku uliyokabidhiwa meza.

Mhasibu wako anaweza kujitetea kwamba ofisi yao hutumia siku za kalenda. Kugawa kwa 28 na kuzidisha kwa 12, siku zote za kalenda kuanzia tarehe 17, angalau hakuchanganyi aina za siku, na kunatoa 557,143. Mimi siipendi, na mwezi wako unaonyesha kwa nini. Umefanya nusu kamili ya siku za kazi za Februari, 10 kati ya 20, lakini kwa kalenda unaonekana umekuwepo asilimia 43 tu, kwa kuwa kipande chako kina wikiendi moja na kipande cha kabla yako kina tatu. Anayeanza siku nyingine anaweza kufaidika kwa mchezo huohuo.

Hata 21.665 ina mahali inapogoma, na ni vizuri ulijue kabla hujaenda kubishana. Ni wastani wa mwaka, haimjui Februari wala Julai. Julai 2025 ina siku 23 za kazi ukihesabu na Sabasaba. Mtu wa mshahara kama wako akianza tarehe 2 Julai ana siku 22. Zidisha kwa 60,004.62 upate 1,320,102, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima! Kwa hiyo mtu aliyekosa siku chache mwanzoni, mimi huwa nahesabu kwa kutoa: 1,300,000 toa mshahara wa siku moja aliyokosa, analipwa 1,239,995. Kwa kipande cha nusu mwezi au pungufu, kama chako, nahesabu kwa kuzidisha.

Sasa makato, maana hapa pia slipu za mwezi wa kwanza huharibika. NSSF, kama unachangia asilimia 10, inatozwa kwenye 600,046: inakuwa 60,005. Inabaki 540,041 ya kutozwa PAYE. Hii unaiingiza moja kwa moja kwenye viwango vya mwezi vya TRA: kati ya 520,000 na 760,000 kodi ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kodi yako ni 24,008, na mkononi unabaki na 516,033. Kosa ninalokutana nalo ni mtu kukokotoa kodi ya mshahara mzima kwanza, ambayo ingekuwa 179,000, kisha kuigawa kwa siku. Hapo ungekatwa karibu 82,600 kwa kipato ambacho hukukipata. Angalia mstari huo kwenye slipu yako kabla ya kusema lolote.

Ukiondoka katikati ya mwezi, kigawanyo ni kilekile, na siku ya mwisho ya mkataba inalipwa. Mwajiri akikwambia ubaki nyumbani wakati notisi inaendelea, siku hizo za notisi ni za kulipwa. Juu yake kuna likizo ambayo hukuichukua, ukiwa umepita miezi sita kazini: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13. Hiyo ni hesabu ya peke yake, isichanganywe na siku za mwezi wa mwisho.

Mwandikie mhasibu barua pepe fupi, ukiweka kile kipimo cha 866,667 mstari wa kwanza. Wengi hurekebisha hapohapo na kuongeza tofauti kwenye mshahara wa Machi. Wakikataa, madai ya mshahara yanafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na hizo ni za kalenda.