Ubao unafutwa, tebo haifutwi: nilivyoelewa kugeuza orodha unganishi

Mwaka wa pili nilikuwa na daftari safi sana la miundo ya data, kila slaidi nimenakili, mishale nimepiga kwa kalamu nyekundu, halafu testi ya kwanza nikapata 9 kwa 30. Swali lililonimaliza ni la kugeuza orodha unganishi, yaani zile nodi ambazo kila moja inabeba namba yake na inajua tu nani anamfuata, kama bodaboda kwenye steji ambapo kila mtu anamjua aliye nyuma yake tu na hakuna mwenye orodha nzima. Kuigeuza ni kumfanya wa mwisho awe wa kwanza. Lekchara alilifanya ubaoni kwa dakika kama tano hivi, sote tukatikisa kichwa, na mimi nilitikisa kuliko wote.

Sasa shida ya ubao ni kwamba unafutwa. Mshale ulikuwa unaangalia kulia, mwalimu anaufuta kwa kiganja, anachora mwingine unaangalia kushoto, anaendelea, na wewe kwenye daftari unabaki na picha ya mwisho peke yake. Ukirudi hosteli Kikoni saa mbili usiku huna habari ni mstari upi wa kodi (kodi ya kompyuta, siyo ile unayolipa URA) uliogeuza mshale upi.

Kuna dada mmoja wa mwaka wa mbele, kwao Arua, tulikuwa tunasoma naye kikundi kwa Kiswahili maana tulikuwa mchanganyiko, Wakenya wawili, Mkongo mmoja na sisi wengine wa huku Uganda. Alichukua daftari langu akaliangalia akasema, "Mdogo wangu, hii ni michoro mizuri lakini hakuna saa ndani yake." Nikamuuliza saa gani dada, akachukua kitabu cha hesabu chenye miraba akaanza kunichorea tebo. Ndiyo hiyo nataka kuwaonyesha.

Siku hizi ndani ya lekcha sihangaiki na mishale. Naandika vitu viwili tu, kodi ikiwa na namba za mistari, na mfano aliouanzia mwalimu kabla hajagusa chochote. Basi. Mengine nayatengeneza mwenyewe jioni ileile, nisipolala kwanza, maana kesho yake hata mfano wenyewe huwa nimeshausahau.

Kodi ya siku ile ilikuwa hii, ni ndani ya funksheni ya Python, `head` ndiyo inashika nodi ya kwanza:

```
1  prev = None
2  cur = head
3  while cur is not None:
4      nxt = cur.next
5      cur.next = prev
6      prev = cur
7      cur = nxt
8  return prev
```

Na orodha ya kwenye testi ilikuwa 7, 3, 7. Angalia vizuri hizo namba kwa sababu mtego uko hapo hapo. Mimi nilichora tebo yangu ya kienyeji nikaandika `cur` ni 7, halafu 3, halafu 7, mwishoni `prev` ni 7. Ile 7 ipi? Ya mwanzo au ya mwisho? Na hata ukiigeuza 7, 3, 7 unapata 7, 3, 7 tena, kwa hiyo kwenye karatasi yangu ilionekana kama kodi haijafanya kitu chochote, na mimi kwa ujasiri kabisa nikaandika hivyo, kwamba orodha haibadiliki. Nadhani aliyetunga swali alizichagua namba zile makusudi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, ipe kila nodi jina la herufi, siyo namba iliyo ndani yake. A ina 7, B ina 3, C ina 7, imeisha. Namba hazihami hata siku moja kwenye kodi hii, zinazohama ni pointa, na pointa inashika nodi yenyewe. Kumbe ukiandika `cur` ni A unajua kabisa unamsema nani.

Kitu cha pili, kolamu. Watu wengi wanaweka kolamu za vigeu tu, `prev`, `cur`, `nxt`, wakishamaliza wanashangaa mbona hawaoni orodha ikigeuka. Haiwezi kuonekana, kwa sababu inayogeuka ni `next` iliyo ndani ya kila nodi, kwa hiyo nayo inataka kolamu yake, nodi tatu kolamu tatu. Halafu kila mstari wa kodi unaokimbia unapata safu yake, na kwenye safu unaandika kile kilichobadilika tu, pengine panabaki patupu. Pale patupu pana maana ya "kama ilivyokuwa juu". Ukianza kujaza kila chumba utachoka ukifika safu ya sita na ndipo makosa yanaingia.

Mstari wa 3 mpaka wa 7 ndiyo lupu, inajirudia. Mzunguko wake wa kwanza unatoka hivi:

```
mstari   prev   cur   nxt   A.next  B.next  C.next
mwanzo   -      -     -     B       C       None
1        None
2               A
3 kweli
4                     B
5                           None
6        A
7               B
```

Soma taratibu. Mstari wa 4 unaiweka B mfukoni kwanza. Mstari wa 5 unamwambia A asahau B, sasa nyuma yake hakuna mtu. Wa 6 na wa 7 vinasogeza `prev` na `cur` hatua moja mbele. Mzunguko wa pili ukiufanya mwenyewe utaona mstari wa 4 unaweka C kwenye `nxt`, wa 5 unaandika A kwenye kolamu ya `B.next`, halafu `prev` inakuwa B na `cur` inakuwa C. Wa tatu `nxt` inakuwa `None`, `C.next` inakuwa B, `prev` inakuwa C, `cur` inakuwa `None`. Unarudi mstari wa 3, safari hii unaandika uongo, unaruka mpaka wa 8 na kinachorudishwa ni C. Zishuke zile kolamu tatu za kulia ukisoma chumba cha mwisho kilichojazwa kwenye kila moja: A hana mtu, B anamshika A, C anamshika B. Imegeuka, na unaweza kumwonyesha mtu ni safu ipi ilifanya nini.

Ile safu ya "uongo" wengi wanairuka wakiona haibadilishi kitu. Usiiruke. Bila hiyo huwezi kueleza kwa nini lupu ilisimama, na maswali ya testi yanapenda sana kuuliza mstari wa 3 umekimbia mara ngapi, jibu ni 4 siyo 3.

Nilivyokuwa nahesabu safu zangu nikakuta 19 ukiacha ile ya mwanzo. Kila nodi inakula safu 5, na nje ya hapo kuna 4 za lazima, yaani mstari wa 1, wa 2, ile uongo ya mwisho na wa 8. Nodi kumi zingekuwa safu 54. Pale ndipo ile O(n) iliyokuwa inaelea tu kwenye slaidi iliniingia, ukiongeza nodi moja unaongeza safu 5 na hakuna zaidi. Lakini tafadhali usichore nodi kumi, tatu zinatosha kabisa, ongeza orodha tupu yenye safu 4 tu na ya nodi moja yenye safu 9, makosa mengi yanajificha kwenye hizo mbili.

Sasa raha yenyewe ya tebo ni kuvuruga kodi makusudi uone inafia wapi. Dada yule alinibadilishia mstari wa 4 na wa 5, kwamba `cur.next = prev` itangulie. Kwa macho inaonekana sawa tu. Kwenye tebo, safu ya kwanza ya lupu inaandika `None` kwenye `A.next`, safu inayofuata `nxt` inasoma `A.next`, ambayo sasa ni `None`, halafu `prev` inakuwa A, `cur` inakuwa `None`, lupu imeisha. Inarudishwa A peke yake. B na C hakuna kigeu kinachozishika tena, Python inazifagia. Na kompyuta haitoi kosa lolote! Unaona orodha yako imebaki na 7 moja unaanza kulaumu laptopu.

Ukibadilisha wa 6 na wa 7 ni kituko kingine, `cur` inahamia B kwanza halafu `prev` nayo inachukua B, kwa hiyo mzunguko unaofuata B anajishika mwenyewe. C naye hivyohivyo. Mwishoni inarudishwa `None`. Hii chora mwenyewe, ni dakika tano.

Namna ya kuchora bila kujidanganya: chukua karatasi, funika kodi yote iliyo chini ya mstari unaoufanya. Mimi nilikuwa najua kodi inatakiwa kuishia wapi, basi mkono ulikuwa unaandika jibu ninalolitaka badala ya lile mstari unalosema. Ukiwa umefunika huwezi kuona mbele. Halafu ukimaliza ndipo unaiweka kodi kwenye pythontutor.com, ikiwa ndani ya `def` na nodi zake umeshazitengeneza, unabonyeza hatua moja moja ukilinganisha na tebo yako, na pale mlipoachana ndiyo safu ambayo hukuielewa. Ukianzia huko utaangalia mishale ikicheza, utatikisa kichwa kama mimi kwenye lekcha.

Kwa rikashoni tebo hii moja haitoshi, kila funksheni inapojiita inapata vigeu vyake vipya, kwa hiyo unachora tebo ndogo kwa kila mwito na kuzipanga moja juu ya nyingine. Nitaiandikia siku yake.

Testi ya pili ililetwa orodha nyingine, ikaitwa funksheni hii bila kuhifadhi jibu, halafu ikaprintiwa kuanzia `head`. Nusu ya darasa waliandika orodha nzima ikiwa imegeuka. Mimi nilirudi kwenye tebo, nikaona hakuna safu hata moja iliyogusa `head`, bado inashika A, na `A.next` ni `None`. Nikaandika namba moja tu nikakabidhi karatasi, jirani yangu akaniangalia kwa huruma.