Fremu Darajani, kodi "tutakubaliana"

"Mkataba unasema nikitaka naongeza miaka mitano, kodi tutakubaliana. Mwenye nyumba kagoma, naweza kumshtaki?"

Kwa maneno hayo tu, sheikh wangu, ngumu sana. Koti haikai kuwapangia bei nyinyi wawili, mkishaandika mtakubaliana na hamjakubaliana basi hakuna cha kulazimisha, Uingereza kesi ya King's Motors na Lax 1970 ilianguka hivohivo, haki ya kuongeza muda ikawa batili. Hata "tutajitahidi kuafikiana" haikusaidii. Ila usome tena mkataba wote, kama kuna pahala pamesema mkishindwana mthamini au msuluhishi apange kodi ya soko, hapo una kesi khasa, maana koti inapata kipimo cha kushika. Kama hapana, kaa nae kabla muda haujaisha muandike kodi itapatikanaje.